Majani ya Chai: Pakiti au Vifuko? Piga Hesabu ya Kikombe Kimoja

Wakazi wengi wa kaunti yetu hununua majani ya chai kwa kuangalia mambo mawili: jina lililoandikwa kwenye pakiti na bei iliyobandikwa kwenye rafu. Yote mawili hayasemi kikombe kimoja kitakugharimu pesa ngapi. Pakiti ya bei ya chini inaweza kuwa ndiyo ghali zaidi jikoni, na pakiti unayodhani ina vumbi la kufagia inaweza kuwa na chai safi kabisa. Somo hili linaeleza namna ya kusoma kilichomo ndani ya pakiti, kukipima kwa vifaa vya nyumbani, na kupiga hesabu ya kikombe kabla ya kuamua.

Gredi ni ukubwa wa chembe

Sehemu kubwa ya chai inayotengenezwa Kenya hupitia mashine zinazoponda, kurarua na kukunja majani mabichi hadi yawe chembe ndogo. Baada ya majani hayo kubadilika rangi na kukaushwa, hupitishwa kwenye chekeche zenye matundu ya ukubwa tofauti. Hapo ndipo gredi zinapopatikana. Chembe kubwa huitwa BP1. Zinazofuata kwa ukubwa ni PF1, ambazo ndizo nyingi zaidi katika viwanda vyetu. Kisha huja PD, na mwisho kabisa D1, ambayo ni laini karibu kama unga. Herufi hizi huandikwa kwenye magunia yanayopelekwa mnadani Mombasa, na ni nadra kuziona kwenye pakiti ya dukani.

Herufi D katika PD na D1 husimama badala ya neno la Kiingereza linalomaanisha vumbi. Neno hilo limewapotosha wengi wakadhani kuwa ni takataka zilizozolewa sakafuni kiwandani. Sivyo. D1 hutoka kwenye majani yaleyale, siku ileile na mashine ileile iliyotoa BP1. Tofauti ni tundu la chekeche tu.

Kinachoshusha ubora ni vikonyo na nyuzi za majani. Mkulima akichuma majani mawili na chipukizi, nyuzi huwa chache. Akichuma majani yaliyokomaa, nyuzi huongezeka. Kiwanda huziondoa, na chai inayobaki ikiwa imechanganyika na nyuzi huuzwa kama gredi za pili, kama vile F1, D2 na BMF. Hizi ndizo gredi za bei ya chini, na ladha yake ni nyepesi. Kwa hiyo usiulize kama chai ni laini au ni kubwa. Uliza kama ina nyuzi nyingi.

Kwa nini vifuko huwa na chai laini

Chembe ndogo hulowana na maji upesi kuliko chembe kubwa, kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya chembe hiyo hugusana na maji. Chai laini hutoa rangi na ukali ndani ya dakika mbili au tatu. Chembe kubwa huhitaji dakika tano hivi, lakini huhimili kuchemshwa kwenye sufuria pamoja na maziwa bila kuwa chungu haraka.

Kifuko cha chai, au tibegi kama wengi wetu tunavyoita, hutumbukizwa kwenye kikombe kwa muda mfupi. Kikijazwa chembe kubwa, mnywaji atakitoa kabla chai haijatoka. Ndiyo sababu watengenezaji huweka PF1, PD au D1. Kuwa na chai laini ndani ya kifuko si udanganyifu, na karatasi yake huzuia machicha yasiingie kikombeni. Ukinunua chai laini ya pakiti, utahitaji chujio lenye matundu madogo sana, la sivyo utakuta tope chini ya kikombe.

Pima kijiko chako

Kosa la kawaida ni kulinganisha chai kwa kijiko. Chembe laini hujipanga kwa kubanana, hivyo kijiko kimoja cha chai laini huwa kizito kuliko kijiko kilekile cha chembe kubwa. Mtu husema chai laini ni kali sana, kumbe pia ameweka nyingi zaidi.

Kama huna mizani, fanya hivi. Nunua pakiti ya gramu 50. Tumia kijiko kidogo cha chai, na kila mara ukisawazishe kwa upande wa kisu. Hamisha chai yote hadi kwenye chombo kingine huku ukihesabu vijiko. Kisha gawanya 50 kwa idadi uliyopata. Ukipata vijiko 25, kijiko chako hubeba gramu 2. Ukipata 20, hubeba gramu 2.5. Rudia zoezi hili kila unapobadilisha aina ya chai.

Kwa vifuko, kazi ni rahisi zaidi. Soma uzani halisi ulioandikwa kwenye kisanduku, kisha ugawanye kwa idadi ya vifuko. Kisanduku cha gramu 200 chenye vifuko 100 kina gramu 2 katika kila kifuko.

Hesabu ya jamii ya watu sita

Tuchukue jamii ya watu sita ambao kila mmoja hunywa kikombe asubuhi na kingine jioni. Hivyo ni vikombe 12 kwa siku na 360 kwa siku 30. Kwa gramu 2 kila kikombe, jamii hii inahitaji gramu 720 kwa mwezi. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Weka za duka lako.

Pakiti ya gramu 500 inauzwa Sh280. Gawanya bei kwa gramu, upate senti 56 kwa gramu. Kikombe kitagharimu Sh1.12, na mwezi mzima Sh403.20.

Pakiti ndogo ya gramu 50 inauzwa Sh35. Gramu moja ni senti 70, kikombe ni Sh1.40, na mwezi mzima ni Sh504. Anayenunua pakiti ndogo kwa sababu ya bei yake hulipa takriban Sh100 zaidi kila mwezi kwa chai ya kiasi kilekile. Majirani wawili wanaochanga kununua pakiti kubwa na kuigawana kwa kipimo wanaweza kuepuka gharama hiyo.

Kisanduku cha vifuko 100 vya gramu 2 kinauzwa Sh240. Gramu moja ni Sh1.20, kikombe ni Sh2.40, na mwezi mzima ni Sh864. Tofauti na pakiti kubwa ni zaidi ya Sh460 kwa mwezi.

Hata hivyo, hesabu hii ina masharti. Pakiti kubwa huwa nafuu ikiwa tu mpishi anapima. Kijiko kilichorundikwa kinaweza kubeba gramu 3.5. Kwa mkono huo, jamii yetu itatumia gramu 1,260 kwa mwezi, na gharama itapanda hadi Sh705.60. Zaidi ya Sh300 zitakuwa zimemwagwa pamoja na machicha.

Kwa mtu anayeishi peke yake au mfanyakazi anayejitengenezea kikombe kimoja ofisini, kifuko kinaweza kufaa zaidi. Hapimi kupita kiasi, hahitaji sufuria wala chujio, na hapiki ziada ya kumwaga. Tena chai laini ya pakiti ikifunguliwa hupoteza harufu na kuvuta unyevu mapema, hivyo pakiti kubwa si nafuu kwa anayechukua miezi mingi kuimaliza.

Majaribio matatu kabla ya kuzoea aina mpya

La kwanza ni la nyuzi. Tandaza kijiko cha chai kwenye karatasi nyeupe, kiwe tabaka jembamba. Chembe nzuri ni nyeusi au kahawia iliyokolea na zinafanana kwa ukubwa. Vipande vyekundu, vya rangi ya mbao na vyepesi, ni nyuzi. Sugua rula ya plastiki kwenye kitambaa kikavu cha sufu, kisha ishikilie juu ya chai bila kuigusa. Nyuzi ndizo huruka kwanza na kunata kwenye rula. Viwanda hutumia kanuni hiyohiyo kutenganisha nyuzi, kwa kutumia rola za plastiki. Kama chai yako ni laini sana, punje chache za unga nazo zitaruka, kwa hiyo tazama rangi ya kilichonata.

La pili ni la kikombe. Weka uzani sawa wa chai mbili katika vikombe viwili, kwa mfano gramu 2 kila kimoja. Mimina maji yanayochemka ya kiasi sawa, funika kwa dakika tano, kisha chuja. Ongeza kijiko kimoja cha maziwa katika kila kikombe. Chai nzuri hubadilika kuwa na rangi angavu ya dhahabu au wekundu wa tofali. Chai yenye nyuzi nyingi au iliyochakaa hugeuka kijivu na kufifia. Ikiwa moja ni kali mno kwako, rudia kwa gramu 1.5. Ikikutosha kwa kiasi hicho, tumia 1.5 katika hesabu yako badala ya 2, kwani hiyo ndiyo gharama yako halisi.

La tatu ni la maji baridi. Nyunyiza chembe kidogo juu ya glasi ya maji baridi bila kukoroga. Chai ya kawaida hutoa rangi polepole. Rangi ikishuka papo hapo kama wino, kuna uwezekano wa kuongezwa rangi. Kwa kuwa chai laini hutoa rangi upesi kidogo, jaribio hili huonyesha dalili tu. Uthibitisho hutoka kwenye maabara.

Unaposhuku pakiti

Nunua pakiti iliyofungwa vizuri, yenye jina la mpakiaji, uzani halisi, tarehe ya mwisho ya matumizi na alama ya ubora ya KEBS. Chai inayopimwa kutoka gunia lililo wazi sokoni haina hata kimoja cha vitu hivi.

Ukigundua uzani umepunguzwa, usiitupe pakiti. Ihifadhi pamoja na risiti na uipeleke kwa maafisa wa vipimo na mizani walio chini ya idara ya biashara ya kaunti. Ukishuku rangi au mchanganyiko usiofaa, mjulishe afisa wa afya ya umma wa wadi yako, na umpe pakiti ikiwa na chai iliyobaki ili sampuli iweze kuchukuliwa.