Kuongoza Shughuli ya Mazishi

Somo letu safari hii ni kwa yule anayepewa karatasi msibani na kuambiwa, "Mwalimu, utatuongozea." Hatupendi kumwita mshereheshaji, maana hapo hapana sherehe.

Ratiba ya mazishi hupangwa kuanzia kaburini kurudi nyuma. Tuseme familia na kasisi wamekubaliana mwili ushushwe saa 9 alasiri. Kutoka kanisani hadi makaburini ni mwendo wa dakika 20, basi tutoke kanisani saa 8.40. Ibada pamoja na mahubiri ni saa moja na dakika 10, kwa hiyo ianze saa 7.30, na jeneza liondoke nyumbani saa 7.10. Watu 300 wakiaga kwa mistari miwili huchukua kama nusu saa. Wasifu wa marehemu, dakika 10. Tukianza saa 6 kamili, salamu za rambirambi zinabakiwa na dakika 30.

Hizo ni za wasemaji sita: dakika 3 za kusema, na 2 za kuinuka, kufika mbele na kusalimu. Hilo tulijifunza kwa aibu. Mwaka mmoja tulimkubali kila aliyetunong'oneza sikioni, wasemaji wakafika kumi na mmoja. Mjane alizimia juani, na kasisi alisoma sala za mwisho kwa mwanga wa karabai. Siku hizi tunaketi na mzee mmoja wa familia. Yeye ndiye hukubali au kukataa jina, sisi tunasoma tu. Majirani husemewa na mmoja, kazini mmoja, wakwe mmoja. Wakwe wasisahauliwe, maana lawama yake hudumu miaka.

Nyimbo tunaziweka pale watu wanapotembea. Jeneza likiinuliwa wimbo uanze, na mwongozaji anyamaze mpaka litulie. Wakati wa kufukia chagueni nyimbo ambazo watu wanazijua kwa moyo, kwa kuwa wengi wameshika majembe, si vitabu. Kwaya ikileta nyimbo tatu, ipewe mmoja kabla ya mahubiri. Zilizobaki ziimbwe wakati wa kufukia, ambako hazimcheleweshi mtu. Mashada yaitwe kwa makundi: mjane na watoto, wazazi, ndugu, kisha wengine.

Matangazo ndiyo hukorogwa zaidi. Tumewahi kusikia habari ya gari lililoziba njia ikitangazwa kati ya somo na mahubiri! Hiyo apelekewe dereva kwa mkono. Tangazo la madeni hutolewa na mzee wa familia, si mwongozaji, kwa sentensi moja: anayemdai marehemu au kudaiwa naye amwone fulani. Kiasi kisitajwe. Yeye aseme baada ya mashada, pamoja na shukrani, siku ya kumaliza matanga na mahali pa chakula, ndipo kasisi atoe baraka. Baraka ikitangulia, watu wamekwisha kwenda kwenye ndoo kunawa mikono, na mzee atabaki akiwatangazia wachimba kaburi.