Kiitikio na Taswira: Kuhuisha Video ya Wimbo kwa Gharama Ndogo

Utangulizi

Mwanafunzi wa ushairi huzoea kukitazama kiitikio kama takriri: maneno yale yale hurejelewa ili kusisitiza maudhui na kumpa msikilizaji mahali pa kupumzikia. Kwa mtu anayehuisha wimbo, yaani anayetengeneza picha zinazotembea kufuata sauti, kiitikio kina thamani nyingine. Maneno yanayorudi yanaweza kurudi na picha zake, na picha isiyochorwa upya haina gharama. Hata hivyo, hapo ndipo penye hatari: picha ikirudi bila badiliko lolote, mtazamaji hudhani kuwa wimbo umesimama. Makala hii inafafanua jinsi mizani, mapigo na kiitikio vinavyoweza kuongoza uhuishaji wa vikaragosi vya karatasi vinavyopigwa picha kwa simu. Mfano utakaotumika ni wimbo wa kubuni wenye kiitikio hiki: "Maji yanapanda juu, mvushaji yuko wapi?"

Pigo kama kipimo cha picha

Kupima picha kwa pigo si jambo geni. Filamu ya Disney iitwayo Steamboat Willie ilipotolewa mwaka 1928, miondoko yake ilikuwa imepangwa kwa mapigo ya metronomu. Kanuni hiyo ingali inafaa. Video nyingi huonyesha fremu 25 kwa sekunde moja. Ikiwa wimbo una mapigo 100 kwa dakika, kila pigo huchukua sekunde 0.6, yaani fremu 15. Mhuishaji mwenye uwezo mdogo hapigi picha mpya kwa kila fremu, bali huiacha kila picha ikae fremu 3. Pigo moja basi linahitaji picha 5, na kipande cha mapigo manne kinahitaji picha 20.

Tuseme wimbo una vipande 56: vinne vya kufungulia, beti tatu na viitikio vitatu vya vipande vinane kila kimoja, na vinne vya kufungia. Wimbo huo una urefu wa takriban dakika 2 na sekunde 14, nao unahitaji picha 1,120. Viitikio peke yake vinadai picha 480. Ikiwa kusogeza kikaragosi na kukipiga picha huchukua dakika moja, hizo ni saa nane za kazi.

Si kila wimbo unaogawanyika sawasawa. Wimbo wa mapigo 96 kwa dakika hutoa fremu 15.625 kwa pigo. Anayekadiria fremu 16 kwa kila pigo huongeza sehemu ndogo isiyoonekana, lakini baada ya mapigo 64 picha huwa imechelewa kwa fremu 24, karibu sekunde nzima. Dalili yake ni kwamba kiitikio cha kwanza huonekana sawa ilhali cha mwisho kina miguu inayotua nyuma ya ngoma. Dawa ni kuhesabu kila pigo kutoka mwanzo wa wimbo, kisha kukadiria: pigo la kwanza humalizika fremu ya 16, la pili ya 31, la tatu ya 47, la nne ya 63. Pale wanamuziki walipopiga bila metronomu, hesabu haitoshi. Inabidi mapigo yatiwe alama moja moja kwa kusikiliza, kwa mfano katika programu ya Audacity ambayo hupatikana bure.

Mizani na midomo

Mshororo wa mfano una mizani 16: minane katika ukwapi na minane katika utao. Ukiimbwa silabi mbili kwa kila pigo, kila kipande cha muziki hubeba mizani minane, na mshororo mzima huchukua picha 40. Silabi ya kwanza ya pigo hupewa picha tatu, ya pili picha mbili.

Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Kwa hiyo midomo sita ya karatasi yatosha: mitano ya irabu na mmoja uliofumbwa kwa ajili ya m, b na p. Mshororo huu hauna irabu e, basi midomo mitano inautosheleza. Katika silabi "pa" ya "yanapanda", picha ya kwanza huwa ya mdomo uliofumbwa, na mbili zifuatazo huwa za a.

Neno "mvushaji" lina tatizo lake. M ya mwanzo ni silabi kamili, nayo inaangukia pigo la kwanza la kipande cha pili, ambalo ndilo lenye nguvu. Mdomo unafumbwa wakati ngoma inalia. Mhuishaji akitegemea mdomo peke yake, pigo hilo litaonekana kufa. Pigo lazima libebwe na kiungo kingine: mkono unaopunga leso juu ya maji hufika kileleni hapo hapo.

Kiitikio kinachorudi na kinachobadilika

Mshororo huo hurudiwa mara nne katika kila kiitikio. Picha 40 zikizungushwa mara nne hutosha kiitikio kizima, na viitikio vitatu huhitaji picha 120 badala ya 480. Saa nane hupungua kuwa mbili.

Kinachosalia ni maana. Katika kiitikio cha kwanza, mwimbaji anasimama maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, na swali lake ni ombi. Katika cha pili, karatasi ya buluu imepandishwa hadi kiunoni. Midomo na mkono ni vile vile, ila swali sasa ni lawama. Katika cha tatu, leso imefungwa kichwani na mkono umeshika kasia, nalo linazama majini pale pale leso ilipokuwa ikifika kileleni. Maneno hayajabadilika, lakini swali limejibiwa na aliyeliuliza. Kama picha za kiitikio cha kwanza zingerudiwa mara tatu, zingebaki 40 tu, lakini jibu hilo lingepotea.

Beti hudai uangalifu wa aina nyingine. Ubeti ukitaja mto na picha ikaonyesha mto, jicho halipati chochote ambacho sikio halijapata. Heri picha ionyeshe kiatu cha mtoto kikielea: kitu kimoja kinachosogea juu ya mandhari tuli. Mbinu hii huongeza maana na kupunguza kazi pamoja.

Dosari za upigaji picha

Simu hujirekebishia mwanga yenyewe, hivyo mandhari hupepesa kutoka picha hadi picha. Mwanga na umakini wa kamera hufungwa kabla ya picha ya kwanza, dirisha huzibwa, na taa moja hutumika. Kabla ya kuendelea, picha tano za pigo la kwanza huzungushwa pamoja na sauti. Meza iliyosukumwa au mwanga uliobadilika hujitokeza papo hapo, wakati bado ni picha tano tu za kurudia.

Hitimisho

Imebainika kuwa hesabu ya pigo huamua idadi ya picha, mizani huamua midomo, nacho kiitikio huamua kiasi cha kazi kinachoweza kuokolewa. Kati ya picha 40 na 120 ndipo ulipo uamuzi wa mhuishaji: picha themanini zilizoongezwa ndizo zinazompa mtazamaji kiitikio kinachosonga mbele ingawa maneno yake hayasongi.