Mafunzo Niliyopata Nilipomuaga Mwenzangu Kwenda Kwenye Mitihani

Nikiwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, nilikuwa natafsiri programu huria kwa Kiswahili pamoja na kijana mmoja wa Mombasa. Tulijuana mtandaoni tu. Mitihani ilipokaribia nikamwandikia: "Naingia kwenye mitihani, nikimaliza nitarudi." Nilidhani nimeaga vizuri.

1. Taja tarehe

Ratiba ya chuo chetu hakuwa nayo. Mitihani iliisha Julai, nikapata sapu ya Septemba, nikaona aibu kusema, nikanyamaza. Miezi miwili alinisubiri. Niliporudi nilitegemea hasira, lakini akaniambia tu: "Ungesema Oktoba, ningepanga Oktoba." Siku hizi natoa tarehe mbili: ya kurudi mambo yakienda sawa, na ya mwisho, ambayo ikipita aendelee bila mimi. Mwenye mitihani ahesabu na sapu.

2. Kazi itoke kwanza kwenye kompyuta yako

Hili ndilo liliniuma zaidi. Usiku wa mwisho niliandika `git status`, nikajibiwa `nothing to commit, working tree clean`, nikafunga kompyuta kwa amani. Jibu hilo maana yake ni kwamba kila badiliko limehifadhiwa, ila limehifadhiwa kwenye mashine yangu. Tawi langu lilikuwa jipya, halijawahi kutumwa kwenye seva, na kwa tawi la namna hiyo `git status` haikuonyi kwamba uko mbele ya seva. Mwenzangu akatafsiri upya menyu zile zile nilizokwisha kuzimaliza.

Sasa kabla ya kuaga naandika hivi:

```
git log --branches --not --remotes --oneline
```

Kila mstari unaotokea ni kazi iliyohifadhiwa ambayo seva haina. Naituma hata kama haijakamilika:

```
git push -u origin tafsiri-menyu
```

Kisha narudia amri ya kwanza. Isipotoa kitu, ndipo naandika ujumbe.

3. Usiahidi kuchungulia

Niliwahi kumwambia mtu, "Jioni nitakuwa napitia." Akaleta maswali, nikayasoma usiku wa kuamkia mtihani, nisiyajibu. Yeye alikwama na mimi sikulala.

Ujumbe ninaoutuma sasa ni huu:

"Habari kaka. Kuanzia Juni 24 sitakuwepo kabisa, nina mitihani. Nitarudi Julai 20. Nikipata sapu, nitakuandikia siku hiyo hiyo, na mwisho wangu ni Oktoba 1. Kazi yote iko kwenye tawi `tafsiri-menyu`: menyu zimekamilika, sehemu ya malipo sijaigusa. Ukiihitaji, ichukue."

Utume siku nne au tano kabla hujatoweka, ili akiwa na swali akuulize ungali na nafasi ya kumjibu.