Pambo la Sherehe Lionekanalo kwa Mbali

Tuchukulie kwamba ukumbi wa kuingilia mjini Bariadi unapambwa kwa tarakimu 8 iliyoundwa kwa pamba, kwa ajili ya Nane Nane. Mlango uko mita 20 kutoka kwenye pambo. Mgeni aliye mlangoni ataona nini?

Jicho zima hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa pembe ya takriban dakika 1, yaani 1/60 ya digrii. Katika umbali wa mita 20, pembe hiyo ni sawa na milimita 6 hivi. Kwa hiyo nyuzi za pamba hazionekani kabisa, na kitumba kilichopasuka, chenye upana wa sentimita 6, huwa nukta nyeupe tu. Basi kinachosomeka ni umbo zima. Tarakimu iwe na kimo cha mita 1.2, matundu yake mawili yaachwe wazi, na nyuma yake pawe na kitambaa cheusi. Mbele ya ukuta mweupe ingemezwa.

Kabla ya kuijenga, ichore kwa rangi zilezile, kimo sentimita 6, kisha itazame kutoka mita 1. Pembe ni ileile, kwani 1.2 ÷ 20 = 0.06 ÷ 1. Matundu yakionekana kuzibana, yapanue.