Picha ya Kutafutia Mchumba: Ifanane na Wewe wa Leo

Katika studio yangu hapa Malakisi, kazi ya kila siku ni picha za pasipoti, harusi na matanga. Siku hizi huongezeka mteja mwingine, ambaye hushusha sauti kidogo na kusema anataka picha nzuri ya kuweka Tinder au Badoo. Wateja hao hutoka hapa sokoni, wengine Bungoma mjini na hata Kitale, na maswali yao yanakaribiana sana. Nimechagua sita kati ya hayo na kuyajibu kwa kirefu.

Ni kweli mtu huamua kwa picha tu, kabla hajasoma niliyoandika?

Ni kweli, na huamua upesi kuliko unavyodhani. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Janine Willis na Alexander Todorov, waliwaonyesha watu nyuso wasizozijua kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Walipowauliza kama mwenye uso huo anavutia au anaaminika, majibu yao yalikaribiana sana na ya watu waliopewa muda wote waliotaka. Muda zaidi uliwaongezea uhakika tu. Rai yenyewe ilikuwa imeshatolewa.

Mtandao wa OkCupid ulilishuhudia jambo hilo kwa watumiaji wake. Tarehe 15 Januari 2013 uliziondoa picha zote kwa saa saba. Watu waliendelea kuzungumza bila kuonana, na walijibiana kuliko siku za kawaida. Picha ziliporudishwa, kulikuwa na watu 2,200 walioanzisha mazungumzo wakiwa gizani, na mengi yakafifia papo hapo. Maneno yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba sasa wameonana.

Kwa hiyo usione haya kuifikiria picha. Zamani mshenga ndiye aliyetangulia kwenda kuyasema ya kwenu, na watu wakamuuliza maswali. Sasa picha ndiyo inayotangulia, tena haiulizwi kitu. Inaaminiwa ilivyo.

Ndugu mpigapicha, napata majibu mengi sana, lakini tukishaonana ana kwa ana mtu ananyamaza. Shida iko wapi?

Ndugu yangu, nitakujibu kwa mfano niliouunga kutoka kwa wateja kadhaa ili asitambulike mtu. Kijana analima mahindi na kuuza mbolea hapa Malakisi. Picha yake ya kwanza ilipigwa Nairobi, kwenye harusi, miaka mitano iliyopita. Amevaa suti, ameegemea gari la mwenye harusi, na filta imeupaka uso wake rangi ya maziwa. Hajaandika uongo hata neno moja.

Dada aliyeajiriwa Kitale anaiona picha hiyo na kusoma mambo matatu: huyu ni mtu wa mjini, ana gari, na ana umri wa miaka ishirini na kitu. Anamjibu yule aliyemwona. Wanazungumza wiki mbili, kisha dada anapanda matatu, anabadili gari njiani na kushuka Malakisi. Anayempokea stejini ni mtu mzima wa miaka thelathini na nne, mweusi wa kupendeza, mwenye vumbi la mbolea kwenye viatu. Hana kasoro yoyote. Lakini dada anatumia nusu saa ya kwanza ya chai na mandazi akipanga upya hesabu zake, na anajiuliza ni nini kingine ambacho hakikuwa vile. Akirudi Kitale, simu inanyamaza.

Hapo hakumkataa mkulima wala muuza mbolea. Alikosa mtu aliyeahidiwa na picha. Ndiyo maana wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi: picha ile ilimfikisha kijana stejini tu.

Tulimpiga picha tatu mpya. Moja ya uso, moja amesimama mlangoni mwa duka lake, mifuko ya mbolea ikionekana nyuma, na moja akiimba na kwaya. Wateja wa namna hii huniambia jambo moja: wanaojibu wanapungua, lakini wanaojibu wanauliza maswali ya kweli. Mahindi unapanda Machi au unangoja Aprili? Kwaya yenu ni ya kanisa gani? Mtu anayeuliza hivyo amekwisha kuyakubali maisha yako kabla ya kulipa nauli.

Mbona selfi zangu hazifanani nami? Pua inakuwa kubwa, ngozi inakuwa ya mtu mwingine.

Dada, pua yako haina neno. Tatizo ni urefu wa mkono. Kitu kilicho karibu sana na kamera huonekana kikubwa kuliko kilicho nyuma yake, na usoni kilicho mbele ni pua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulipiga hesabu hiyo: simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo. Ikifika mita moja na nusu, uso hurudi karibu na umbo lake. Mpe mtu simu, asimame hatua mbili kubwa mbele yako, atumie kamera ya nyuma, na afute kioo cha kamera kwa kitambaa safi kwanza.

Rangi ya ngozi ina sababu mbili. Ya kwanza ni ulainishaji ambao simu nyingi hufanya zenyewe. Fungua kamera ya selfi, tafuta alama iliyoandikwa Beauty, uishushe hadi sifuri. Utajua ilikuwa inafanya kazi ukikuza picha ya zamani: vinyweleo vya ngozi havionekani, na mstari wa nywele umefifia kama umepanguswa.

Ya pili ni mwanga. Ukisimama na anga jeupe nyuma yako, simu hupima mwanga wa anga na kuuacha uso gizani. Ukisimama juani saa sita mchana, macho huzama kwenye vivuli. Simama chini ya upenu wa nyumba, uso ukitazama uwanja ulio wazi, mwendo wa saa kumi alasiri. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha usogeze kialama cha jua juu kidogo mpaka rangi ifanane na ya mkono wako ulivyo. Hapo utakuwa umetengeneza picha nzuri bila kubadilisha mtu.

Nimepiga nyingi. Nichague ipi?

Usichague peke yako. Mwaka 2017 David White na wenzake huko Australia waliwapa watu picha 12 za nyuso zao wenyewe, na kila mmoja akachagua atakayoiweka mtandaoni. Kisha watu wasiowajua wakawachagulia kutoka picha zilezile. Zilizochaguliwa na wageni ndizo zilizowavutia watazamaji wengine zaidi. Kikundi hicho kilikuwa kimeonyesha pia, mwaka uliotangulia, kwamba hata katika kufanana, mgeni aliyekutazama kwa muda mfupi tu kwenye video hukuchagulia picha inayofanana nawe zaidi kuliko unayojichagulia.

Sababu yake si ngumu. Wewe unajijua kwa kioo, kwa kumbukumbu na kwa unavyotamani kuwa. Anayekutazama ana uso ulio mbele yake tu. Ndiyo maana mteja hunibishia kwamba picha fulani si yeye, na dada yake aliyemsindikiza anasema hiyo ndiyo yeye kabisa.

Fanya hivi. Chagua picha 12 za mwezi huu. Watafute watu watatu waliokuona wiki hii lakini si wandani wako: mwenye kibanda cha M-Pesa, mfanyakazi mwenzako, mama unayenunua sukuma wiki kwake. Waulize kwanza ni zipi zinazofanana nawe, uziondoe nyingine. Zilizobaki waulize ipi inapendeza. Ukianza na swali la kupendeza, utapata picha nzuri ya mtu mwingine.

Nimenenepa, na nina kovu shavuni. Nikionyesha si nitapitwa tu?

Utapitwa na wengine, ndiyo. Wale wangekupita mezani pia, na huko kunauma zaidi. Jeffrey Hancock na Catalina Toma walichunguza mwaka 2009 picha za watu 54 waliotafuta wachumba mtandaoni. Wenyewe waliziona picha zao kuwa za kweli. Waamuzi waliozilinganisha na walivyokuwa siku ya utafiti walisema karibu theluthi moja hazikuwa za kweli. Baadhi zilikuwa za zamani, nyingine zimerekebishwa. Wengi wa hawa hawakuwa matapeli. Walijionea huruma kidogo tu, na mgeni huiona huruma hiyo kama udanganyifu.

Huna haja ya kulipiga kovu kwa karibu wala kusimama vibaya. Vaa nguo unayopenda, tabasamu unavyotabasamu. Sharti ni hili: picha moja ya uso bila miwani ya jua wala kofia, moja ya mwili mzima, zote za miezi ya karibuni. Ukibadilika, zibadilishe.

Zaidi ya moja ni lazima, kwa maana picha moja haimjulishi mtu. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza waliwapa watu picha 40 za nyuso wasizozijua, wazipange kwa wenye nyuso. Wenye nyuso walikuwa wanawake wawili tu, lakini mpangaji wa kawaida alitoa mafungu saba au manane. Ndiyo maana picha tatu za siku na mahali tofauti zinamsaidia mtu kukutambua stejini.

Kuna ukweli ambao haufai kuonyeshwa?

Upo. Kuwa mkweli juu ya uso wako hakukulazimishi kutoa anwani. Usiweke watoto, hasa wakiwa na sare ya shule. Kata namba ya gari, namba ya till iliyobandikwa dukani na kibao cha kazini. Picha ya kundi iache kabisa: mtu hatajua wewe ni yupi, na wenzako hawakuomba kutafutiwa wachumba. Kama una mtoto, sema kwa maneno mapema.

Picha ya kweli pia haimthibitishi mwenzako. Kabla ya safari, omba mpigiane simu ya video mchana. Akikwepa mara kwa mara, baki nyumbani. Akikubali, kutaneni mahali penye watu, na mwambie ndugu mmoja ulikokwenda.

Ukitaka kujua kama picha zako zinafanya kazi, usihesabu waliokujibu. Hesabu waliokuona kwa macho wakaomba kukuona tena. Wakiwa wengi wanajibu na hakuna anayerudi, njoo tupige upya, na uje na nguo zako za kila siku.