Litungu kwenye diski, litungu kwenye simu

SWALI: Narekodi litungu na kwaya hapa Misikhu. Mteja wa Kitale hutaka kusikiliza kwa simu kabla ya kulipa. Nihifadhi faili gani, nimtumie ipi?

JIBU: Hifadhi FLAC, mtumie MP3. Wimbo wa dakika 5 wa stereo, biti 24 na 48 kHz, ni takriban MB 86 ukiwa WAV. FLAC huupunguza, mara nyingi hadi karibu nusu, bila kupoteza chochote. Kabla ya kufuta WAV, kagua:

```
flac -t wimbo.flac
```

Kwa mteja, 192 kbps yatosha: wimbo huohuo ni MB 7 hivi. Ukishuka hadi 128 utaokoa bando, lakini litungu ndilo litakaloumia kwanza, kwa sababu kila mdonoo wa uzi huanza ghafla na MP3 hutawanya ukali huo. Kayamba nayo huanza kuchakacha kama maji. Kwenye WhatsApp, itume kama dokumenti.

Usiigeuze MP3 kuwa WAV ukaiita masta. Spektrogramu itakuumbua: sauti ya 128 kbps kwa kawaida hukatika ghafla karibu na 16 kHz, na kilichokatwa hakirudi.