Anzia kwenye tovuti, siyo kwenye tiki

Ndugu na marafiki hunitumia kurasa za "benki" zinazotangaza mikopo ya haraka, wakiuliza kama ni za kweli. Wengi wameshabofya kiungo kilicho kwenye wasifu, kikawapeleka kwenye tovuti halisi ya benki, wakaridhika. Hapo ndipo wengi hunaswa. Mtu yeyote anaweza kubandika anwani ya benki kwenye akaunti yake, hakuna anayemzuia.

Kwa hiyo mimi huenda kinyume. Anwani ya tovuti naitoa kwenye kadi ya benki, mkataba au taarifa ya akaunti, kisha naiandika mwenyewe kwenye kivinjari. Siitafuti Google, maana matangazo ya juu huweza kuwa ya matapeli. Nikifika, nashuka hadi chini kabisa zilipo alama za Facebook, Instagram na X, nabofya, halafu nasoma jina la akaunti herufi kwa herufi, lile linaloanza na @. Kistari cha chini kilichoongezwa mwishoni kinatosha kuifanya akaunti nyingine kabisa. Jina kubwa la juu na nembo sivitegemei, vyote hunakiliwa kwa dakika moja.

Tiki naiangalia baadaye. Novemba 2022, X ikiwa bado inaitwa Twitter, mtu alifungua @EliLillyandCo, akailipia tiki ya bluu ya dola 8 na kutangaza kwamba insulini sasa ni bure. Kampuni ya dawa ya Eli Lilly ililazimika kuomba radhi kupitia akaunti yake halisi, @LillyPad. Tazama majina hayo mawili: la uongo ndilo linaloonekana rasmi zaidi! Ni kiungo kutoka kwenye tovuti ya kampuni tu ambacho kingekupeleka penye ukweli.

Baadaye X iliweka tiki ya dhahabu kwa mashirika na ya kijivu kwa serikali. Ya bluu inaonyesha zaidi kwamba mwenye akaunti analipia, hivyo kampuni ikinijibu kwa tiki ya bluu pekee, narudi kwenye tovuti.

Tatizo ni pale alama za chini ya tovuti zinapokuwa zimekufa, au zinafungua tu ukurasa wa mwanzo wa Facebook kwa sababu fundi hakuzijaza. Hapo kwenye Facebook nafungua sehemu ya uwazi wa ukurasa. Inaonyesha ukurasa ulianzishwa lini, umewahi kuitwa nani, na mara nyingi wasimamizi wako nchi gani. Ukurasa wa benki ya miaka mingi ulioanzishwa mwezi uliopita, au uliowahi kuitwa jina la duka la nguo, siugusi. Kama bado nina shaka, napiga simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi na kuwauliza wanitajie jina la akaunti yao.